Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: makosa ya vipimo vya shambani na uwiano unaofifia

Ukurasa huu ni wa wanaokusanya takwimu za mahindi huku kwetu, kuanzia Mbozi na Mbeya Vijijini hadi Makambako, Kilolo na Ismani: wanafunzi wa utafiti, maafisa ugani, na wale vijana wanaoajiriwa msimu kuzunguka na dodoso. Karibu maswali yote yanazunguka jambo moja. Mtu amepata uwiano mdogo kuliko alivyotarajia, yaani vitu viwili alivyopima havitembei pamoja kama alivyodhani, na hajui kama alaumu mbolea, mkulima au futi kamba yake.

Takwimu za mfano hapa chini nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Usizichukue kama matokeo ya utafiti.

Nimehoji wakulima 120. Uwiano kati ya kilo za mbolea kwa ekari na magunia ya mahindi kwa ekari ni 0.35 tu. Niandike kwamba mbolea ina uhusiano hafifu na mavuno?

Bado. Ulichopata ni uwiano kati ya mbolea *iliyosimuliwa* na mavuno *yaliyosimuliwa*. Mkulima alipanda Desemba, akavuna Juni, na wewe umemfikia Septemba ukamuuliza alitumia mifuko mingapi kwenye lile shamba la bondeni. Mfuko mmoja aligawana na shemeji yake. Nusu mfuko ulibaki ukaenda kwenye viazi. Ekari anazitaja alivyozoea, magunia anayahesabu alivyoyauza, na yaliyoliwa mabichi hayamo kabisa. Namba mbili ulizoingiza kwenye kompyuta zina kweli ndani yake, lakini zina na kosa pia, na kosa hilo lina tabia ya kuvuta uwiano kuelekea sifuri.

Kwa hiyo 0.35 inaweza kuwa uhusiano hafifu uliopimwa vizuri, au uhusiano mzuri uliopimwa ovyo. Kwa kuitazama namba peke yake huwezi kujua ni lipi. Majibu yanayofuata ni ya namna ya kujua.

Kosa la nasibu na kosa la kimfumo yana tofauti gani?

Tuchukue hatua za miguu, maana kila anayepima shamba huku anazijua. Ekari moja husemwa ni hatua 70 kwa hatua 70. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6, kwa hiyo kanuni hiyo inafanya kazi kama hatua yako ina sentimita 91. Hiyo ni hatua ndefu kidogo. Mtu mwenye hatua ya sentimita 80 akipima 70 kwa 70 anakuwa ametembea mita 56 kwa 56, ambazo ni mita za mraba 3,136, robo tatu na ushee ya ekari: 0.775. Naye ataandika "ekari 1" bila wasiwasi.

Sasa sikiliza vizuri. Kama mtu huyo mmoja ndiye aliyepima mashamba yote 120, kosa lake ni la kimfumo. Kila shamba limekuzwa kwa kiwango kilekile, na mavuno kwa ekari yote yameshushwa kwa kiwango kilekile. Shamba lililotoa magunia 20 kwa ekari litaandikwa magunia 15.5, na lililotoa 10 litaandikwa 7.75.

Kama badala yake kila mkulima amepima la kwake kwa miguu yake, mwenye hatua ya sentimita 80 na mwenye hatua ya mita nzima (huyo "ekari" yake ni 1.21), kosa linageuka kuwa la nasibu. Hapa limepanda, pale limeshuka, na huwezi kubashiri la shamba linalofuata. Kanuni ni ileile ya 70 kwa 70. Kilichobadilika ni nani anatembea.

Ndiyo maana sipendi kuambiwa "kipimo hiki kina kosa la kimfumo" kama vile kosa ni mali ya kifaa. Aina ya kosa inategemea kazi ilivyopangwa.

Kwa nini kosa la kimfumo haligusi uwiano?

Kwa sababu uwiano haujali kipimo kinaanzia wapi wala kimeandikwa kwa vizio gani. Unatazama kama mashamba yaliyo juu ya wastani kwa mbolea ndiyo yaliyo juu ya wastani kwa mavuno, na kwa kiasi gani ukilinganisha na mtawanyiko wa kila upande. Ukizidisha mavuno yote kwa 0.775, wastani unashuka na mtawanyiko unashuka sambamba, na nafasi ya kila shamba kati ya wenzake inabaki palepale. Mizani inayoongeza kilo mbili kila ikipima haibadilishi uwiano hata kidogo.

Wastani wako, hata hivyo, umeharibika. Ukiripoti kwamba kata fulani inavuna magunia 11 kwa ekari wakati ni 14, umepotosha mipango ya chakula. Ni kosa baya kwa swali moja na lisilo na madhara kwa swali jingine.

Angalizo kubwa: maelezo haya ni ya kosa lililo sawa kwa *wote*. Ukiwa na wasaidizi wawili, mwenye hatua fupi ukamtuma Kilolo na mwenye hatua ndefu ukamtuma Mbozi, kila mmoja ana kosa lake la kimfumo, lakini ukiunganisha data umepata kosa linalofuata wilaya. Na kama wilaya hizo zinatofautiana pia kwa matumizi ya mbolea, kosa la mavuno sasa linatembea pamoja na mbolea. Hapo uwiano unaweza kupungua au kuongezeka, na hakuna fomula itakayokuokoa. Wachanganye wasaidizi ndani ya kila kijiji tangu mwanzo.

Unyevu wa mahindi ni mtego wa namna hiyohiyo. Mahindi ya nyanda za baridi kama Njombe hukawia kukauka. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za mahindi makavu kabisa, na zikishushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 zinabaki kilo 92.5 hivi. Ukipima kijiji cha juu mahindi yakiwa mabichi kidogo na cha chini yakiwa yamekauka, umewaongezea wa juu mavuno ambayo hawana.

Nilifundishwa kwamba makosa ya nasibu yanafutana yakiwa mengi. Si yatafutana na hapa?

Yanafutana kwenye wastani. Kwenye uwiano hayafutani, na hapa ndipo watu wengi wanateleza, hata waliosoma.

Fikiria wakulima wawili. Mmoja kweli amevuna magunia 12 kwa ekari, mwingine 17, na aliyevuna 17 ndiye aliyeweka mbolea zaidi. Kosa la nasibu likimwongezea wa kwanza magunia 4 na kumpunguzia wa pili 3, wanaandikwa 16 na 14. Wastani wao ulikuwa 14.5, umekuwa 15, haujaenda mbali. Lakini mpangilio umepinduka: sasa mwenye mbolea nyingi anaonekana kavuna kidogo. Kwenye wakulima 120 mapinduzi madogo kama hayo ni mengi, na kila moja linafifisha picha.

Ukitaka kuliona kwa upande wa hesabu: kosa la nasibu halina habari na mbolea, kwa hiyo haliongezi chochote kwenye sehemu ya mavuno inayotembea pamoja na mbolea. Linaongeza mtawanyiko tu. Na uwiano ni sehemu inayotembea pamoja ikigawanywa kwa mtawanyiko. Juu hakuna kilichobadilika, chini pameongezeka. Jibu lazima lishuke.

Linashuka kwa kiasi gani? Nionyeshe kwa namba.

Tuseme katika mashamba yako mavuno ya kweli yana mchepuko sanifu wa magunia 5 kwa ekari. Kosa la kukumbuka na kuhesabu nalo lina mchepuko sanifu wa magunia 5. Michepuko haijumlishwi hivihivi, miraba yake ndiyo hujumlishwa: 25 ya kweli na 25 ya kosa, jumla 50. Sehemu ya kweli ndani ya jumla ni 25 kwa 50, yaani 0.5. Sehemu hiyo ndiyo inaitwa uthabiti wa kipimo. Uthabiti wa 1 maana yake hakuna kosa la nasibu, na wa 0 maana yake umeandika kelele tupu.

Kwa mbolea, tuseme mchepuko wa kweli ni kilo 30 kwa ekari na wa kosa ni kilo 20. Miraba ni 900 na 400, jumla 1,300. Uthabiti ni 900 kwa 1,300, karibu 0.69.

Fomula ya kuunganisha hayo inajulikana tangu mwaka 1904, ilipochapishwa na Charles Spearman, Mwingereza aliyeacha jeshi akaenda kusoma saikolojia. Yeye alikuwa akishughulika na uwezo wa akili, lakini hesabu haijui kama unapima akili au mahindi:

```
r_ulioonekana = r_wa_kweli * sqrt(uthabiti_x * uthabiti_y)
```

Uwiano wa kweli ukiwa 0.60, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 0.69 × 0.5, ambacho ni 0.588 hivi. Jibu ni 0.35. Ile namba uliyokuja nayo.

Watu hupenda kuinua r kwa mraba ili waseme "mbolea inaeleza asilimia fulani ya tofauti za mavuno". Kwa 0.60 ungesema asilimia 36. Kwa 0.35 unasema 12. Theluthi mbili za uwezo wa kueleza zimepotelea kwenye kumbukumbu za watu na hesabu za magunia, huku mbolea yenyewe haijabadilika hata kidogo.

Naweza kujaribu mwenyewe bila kwenda shambani?

Ndiyo. Fungua programu ya takwimu ya R, unda mashamba ya bandia, kisha yaharibu kwa makusudi:

```r
set.seed(7)
n <- 100000
mbolea <- rnorm(n, 75, 30)
mavuno <- 15 + 0.1 * (mbolea - 75) + rnorm(n, 0, 4)
cor(mbolea, mavuno)

mbolea2 <- mbolea + rnorm(n, 0, 20)
mavuno2 <- mavuno + rnorm(n, 0, 5)
cor(mbolea2, mavuno2)

cor(mbolea + 10, mavuno * 0.775)
```

Uwiano wa kwanza utakuja karibu na 0.60, wa pili karibu na 0.35. Wa tatu una makosa mawili ya kimfumo, mbolea imeongezwa kilo 10 kwa kila mtu na mavuno yameshushwa kwa hatua fupi, na utarudi kuwa sawasawa na wa kwanza hadi desimali ya mwisho. Badilisha `20` na `5` uone kinachotokea. Dakika kumi za kuchezea namba hizo zinafundisha kuliko ukurasa huu wote.

Nikiongeza wakulima wakafika 1,200, uwiano utapanda?

Hautapanda. Utakuwa na uhakika zaidi kwamba ni 0.35. Wakulima wengi wanaondoa bahati ya sampuli, hawaondoi kosa lililomo ndani ya kila jibu. Kama bajeti ni ileile na unachagua kati ya kuhoji watu 1,200 mara moja na kupima 300 vizuri, mimi nachagua 300, isipokuwa kama ninachotafuta ni wastani wa mkoa.

Uthabiti nautoa wapi? Sijui mavuno ya kweli.

Hakuna anayeyajua. Unapima mara mbili. Chukua sehemu ya mashamba, hata 40, uyarudie. Uwiano kati ya kipimo cha kwanza na cha pili cha kitu kilekile ndio makadirio ya uthabiti, *mradi makosa ya mara mbili hizo hayana undugu*. Mwandiko huo wa mlazo ndio wenye kazi yote.

Ukimuuliza mkulima tena baada ya siku tatu, hatakumbuka mavuno yake, atakumbuka jibu lake. Atakuambia 14 tena kwa sababu juzi alisema 14. Utapata uthabiti wa 0.95 na kufurahi bure. Vivyo hivyo kwa hatua: msaidizi mmoja akipima shamba lilelile mara mbili atakubaliana na nafsi yake vizuri sana, kwa miguu ileile mifupi. Kama wasiwasi wako ni tofauti kati ya wasaidizi, kipimo cha pili kifanywe na msaidizi mwingine asiyeona karatasi ya mwenzake.

Njia nzuri zaidi kwa mavuno ni kukata kimraba shambani kabla mkulima hajavuna. Unachagua mahali kwa bahati nasibu, unafunga kamba mita 5 kwa 5, unavuna kila kilichomo, unapukuchua na kupima. Ukikata vimraba viwili kwenye shamba moja, uwiano wa vimraba hivyo kwa mashamba yote unakupa uthabiti wa kimraba kimoja.

Lakini usidhani kimraba ni hakimu asiyekosea. Mita za mraba 25 zinaingia mara 162 kwenye ekari. Mizani ikikosea nusu kilo, umekosea kilo 81 kwa ekari, karibu gunia zima. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 kimraba kina mashina kama 111, na daima kuna mashina yanayoangukia juu ya kamba. Nimewaona wapimaji wengi, wenye nia njema kabisa, wakiyavuta ndani: kwa nini uliache hindi zuri kama lile? Wakifanya hivyo kila mahali, kosa ni la kimfumo na mavuno yanapaa. Wakifanya kwa wenye mahindi mazuri tu, ni balaa jingine. Wekeni kanuni kabla ya kuingia shambani, kwa mfano shina lililo juu ya kamba huhesabiwa kwa pande mbili tu za kimraba, na anayeshika kamba asiwe mwenye shamba.

Nikate vimraba vingapi?

Wastani wa vipimo kadhaa una uthabiti kuliko kipimo kimoja, na kiasi chake kinajulikana. Fomula hii ilichapishwa mwaka 1910 na Spearman huyohuyo na William Brown, kila mmoja kivyake:

```
uthabiti_wa_k = k * u / (1 + (k - 1) * u)
```

`u` ni uthabiti wa kipimo kimoja. Tukianza na 0.5, vipimo viwili vinafikisha 0.67, vitatu 0.75, vinne 0.80. Unaona kwamba cha pili kinaongeza mengi na cha nne kinaongeza kidogo. Kwenye mfano wetu, kama kimraba kimoja nacho kina uthabiti wa 0.5, vimraba vinne kila shamba vingepandisha uwiano unaoonekana kutoka 0.35 hadi 0.45, mbolea ikiwa bado imepimwa kwa kumbukumbu. Baada ya hapo sikushauri kukata cha tano. Peleka nguvu upande wa mbolea: mfikie mkulima wiki ileile anayoweka, uone mfuko, upime kilichobaki ndani.

Fomula inadai tena makosa yasiyo na undugu. Vimraba vinne vilivyokatwa vyote karibu na njia kwa sababu jua lilikuwa kali ni kimraba kimoja kikubwa chenye majina manne.

Basi nigawanye tu 0.35 kwa 0.588 niandike kwamba uwiano ni 0.60?

Unaruhusiwa, kwa masharti. Andika namba zote mbili, ulioonekana na uliosahihishwa, pamoja na uthabiti uliotumia na ulikoupata. Na sahihisha pia kingo za makadirio, si namba ya katikati peke yake. Kwa wakulima 120 na r ya 0.35, kiwango cha asilimia 95 kinakwenda kama 0.18 hadi 0.50. Ukigawanya kingo hizo kwa 0.588 unapata 0.31 hadi 0.85. Tazama upana huo. Kusahihisha kumekupa mahali sahihi pa kuelekea lakini kumekuachia ukungu mzito zaidi, na huo bado haujahesabu kwamba uthabiti wenyewe ulikadiriwa kwa mashamba 40.

Wakati mwingine jibu litazidi 1. Hilo likitokea usiandike "1.00" kimyakimya. Linakuambia kwamba uthabiti umekadiriwa chini mno, au sampuli ni ndogo, au makosa ya pande mbili yana undugu.

Na jambo moja la kukumbuka: kusahihisha hakukupi ushahidi ambao hukuwa nao. Kama uwiano ulioonekana haukutofautika na sifuri, uliosahihishwa nao hautofautiki.

Mwenzangu aliyefanya utafiti Mbozi alipata uthabiti wa 0.69 kwa mbolea. Niutumie wa kwake?

Mara nyingi hapana, na sababu yake inashangaza. Uthabiti haumilikiwi na dodoso, unategemea pia watu wanaohojiwa wanatofautiana kiasi gani. Kule kwake mchepuko wa kweli ulikuwa kilo 30. Wewe labda uko kwenye kijiji ambacho karibu kila mtu alipata mfuko mmoja wa kilo 50 wa ruzuku akauweka kwenye ekari moja, na mchepuko wa kweli ni kilo 10 tu. Dodoso ni lile, kosa la kukumbuka ni lile la kilo 20. Miraba: 100 na 400. Uthabiti wako ni 0.20.

Kwa hiyo kijiji chenye wakulima wanaofanana kitatoa uwiano mdogo kwa sababu mbili zilizobebana: tofauti za kweli ni chache, na kosa lilelile linazimeza. Mtu akilinganisha vijiji viwili na kutangaza kwamba "mbolea inafanya kazi Mbozi lakini haifanyi kwetu", mwambie kwanza aonyeshe mtawanyiko wa mbolea kwa kila kijiji.

Uwiano si kitu, mimi nataka kujua mfuko mmoja unaongeza magunia mangapi. Kosa linanihusu?

Linakuhusu kwa upande mmoja tu. Unapochora mstari wa mavuno dhidi ya mbolea, kosa la nasibu kwenye *mavuno* haliupindi mteremko, linaufanya usiwe na uhakika. Kosa kwenye *mbolea* ndilo linaulaza. Mteremko unazidishwa kwa uthabiti wa mbolea, bila kipeuo. Kwenye mfano wetu kila mfuko wa kilo 50 kwa kweli unaongeza magunia 5, lakini mstari utakuambia 3.5 hivi. Mkulima anayepiga hesabu ya bei ya mfuko dhidi ya bei ya gunia anaweza kushauriwa asinunue, kwa sababu tu mtafiti aliuliza Septemba.

Na magunia yenyewe? Kuna wanaojaza debe sita na wanaojaza saba.

Pima kwa kilo, basi. Ukishindwa, uliza debe na usiulize gunia: saba dhidi ya sita ni tofauti ya asilimia 17. Kwenye viazi ni vibaya zaidi, maana lumbesa ina kilemba kinachotegemea mnunuzi wa siku hiyo. Kama wakulima wa kando ya barabara wanauza kwa lumbesa na wa ndani wanauza kwa gunia la kawaida, na wa barabarani ndio wanaopata mbolea kirahisi, mavuno yao yanaandikwa pungufu kuliko yalivyo, na mbolea inaonekana haina maana. Hilo si kosa la nasibu hata kama linafanana nalo.

Kwa hiyo kosa la kipimo daima linapunguza uwiano, na nikipata mkubwa niko salama?

Hapana, na swali hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalowaumiza waliokwisha kuelewa yaliyotangulia. Kufifia kunatokea pale makosa ya pande mbili yasipojuana. Mavuno kwa ekari na mbolea kwa ekari yanajuana, kwa sababu yote mawili yamegawanywa kwa ekari ileile.

Chukua mkulima mwenye ekari 1 kamili, magunia 15, mbolea kilo 75. Akisema shamba lake ni ekari 0.75, utaandika magunia 20 na kilo 100 kwa ekari. Akisema ni ekari 1.5, utaandika magunia 10 na kilo 50. Kosa moja la eneo limepandisha zote au kushusha zote. Ukiwa na wakulima mia wenye mavuno na mbolea sawasawa kabisa, na wanaokosea ekari tu, utapata uwiano mkubwa sana uliotengenezwa na hatua za miguu.

Ukilinganisha mavuno kwa ekari na *ukubwa* wa shamba mambo yanageuka: anayepunguza ekari anaonekana ana shamba dogo lenye tija kubwa, anayezidisha anaonekana ana kubwa lisilo na tija. Unapata uwiano hasi, na hoja nzuri ya kuandikia makala kuhusu wakulima wadogo, bila mtu yeyote kuwa na tija zaidi ya mwenzake.

Namna ya kugundua ni kupima eneo kwa njia ya pili, kwa futi kamba au kwa kifaa cha GPS ukizunguka mpaka wote (kwa mashamba ya robo ekari kamba ni bora, maana mkengeuko wa mita chache kwenye upande wa mita 32 ni mwingi). Kisha gawanya mavuno kwa eneo la kamba na mbolea kwa eneo alilotaja mkulima. Ukiona uwiano umeporomoka ukilinganisha na ule wa kugawanya vyote kwa eneo alilotaja, sehemu kubwa ya ule wa awali ilikuwa ya ekari. Usibaki na huo mchanganyiko kama matokeo, maana nao umefifishwa. Kwa matokeo ya mwisho gawanya vyote kwa kamba.